Kinachonaswa na chujio la udongo na mkaa, na kinachopita

"Chujio langu lina udongo na mkaa, na maji yanatoka meupe kabisa. Kwa nini bado naambiwa niyachemshe?"

Kwa sababu ya virusi hasa. Weupe unakuonyesha kwamba tope limebaki nyuma, basi. Vijidudu havionekani kwa macho, viwepo visiwepo.

Chukua ndoo ya maji ya mto uyafuate yanavyopita. Udongo wa machujio mengi huchanganywa na vumbi la mbao au maganda ya mpunga kabla ya kuchomwa. Ndani ya tanuri vumbi huungua na kuacha vinjia vyembamba, vingi vikiwa na upana wa mikroni moja hivi. Mikroni 1,000 ndizo milimita moja. Giadia, kimelea cha kuharisha, ana mikroni 8 hadi 12, kwa hiyo hukwama mapema. Bakteria wa E. koli ana urefu wa mikroni 2 hivi, naye hunaswa kwa kuwa vinjia vimepindapinda. Chujio zuri huzuia bakteria 99 katika kila 100, na pengine zaidi. Ikiwa mililita 100 za maji ya mto zilikuwa na E. koli 1,000, watabaki kama 10. Ni nafuu kubwa, ila Shirika la Afya Duniani linataka asionekane hata mmoja katika kiasi hicho cha maji ya kunywa. Virusi vya rota vina mikroni 0.07 tu, na vya homa ya ini aina ya A vina 0.03. Baadhi hunata kwenye udongo, wengine wengi hupita.

Hapo ndipo watu wengi hudhani mkaa utamalizia kazi. Hauimalizii, kwa kuwa mkaa haukuwekwa kuua vijidudu. Mkaa wa chujio umepitishwa kwenye mvuke mkali sana au dawa hadi ukajaa matundu madogo mno, na gramu moja yake inaweza kuwa na eneo la ndani la mita za mraba 1,000. Fikiria ukumbi wenye viti vingi. Chembe za viuatilifu na vitu vinavyoyapa maji harufu huingia na kukaa, kwa sababu hupenda kunata kwenye mkaa kuliko kubaki majini. Chumvi, floridi na naitreti huyapenda maji zaidi, hivyo hupita ukumbini bila kuketi. Viti vikijaa, wanaofuata nao hupita. Na anayenata kwa nguvu anaweza kumwondoa aliyekwisha kuketi, akarudi majini.

Mkaa uliojaa haubadiliki rangi wala haupunguzi kasi ya maji. Kama maji yako yana klorini, ladha yake ikirudi ni dalili kwamba mkaa umechoka. Viuatilifu vingi havina ladha ya kukuonya, na ndiyo maana mkaa hubadilishwa kwa kufuata idadi ya lita iliyotajwa na mtengenezaji, hata kama maji bado ni matamu.

Kuna jambo jingine ambalo ni muhimu kulijua. Mkaa huiharibu klorini inapougusa, na bakteria wachache waliopenya hupata humo unyevu, chakula na usalama. Wanaweza kuzaliana usiku kucha. Basi anayetia klorini kwenye ndoo ya juu anaipoteza kabla haijamfikia anayekunywa. Itie kwenye maji yaliyokwisha kuchujwa, kwa kipimo cha kwenye pakiti, usubiri dakika 30. Kuchemsha pia hufanyika baada ya kuchuja.

Udongo wenyewe hushindwa kwa ufa, na ufa unaweza kuwa mwembamba usionekane. Chujio la chungu hutoa lita 1 hadi 3 kwa saa. Likianza ghafla kutoa zaidi, usifurahi, likague. Lichovye tupu, mdomo juu, hadi karibu na ukingo wa nje: mahali ambapo maji yanajitokeza upesi ndani ndipo palipopasuka, na chungu hicho kibadilishwe. Likipunguza kasi, limeziba tu. Lisugue kwa brashi laini na maji safi, bila sabuni, kwa kuwa sabuni huingia kwenye vinjia na kubaki humo.

Floridi ni tatizo la namna yake. Kiwango cha juu kinachopendekezwa ni miligramu 1.5 kwa lita. Udongo na mkaa wa kawaida huiacha ipite, na kuchemsha huiongezea ukali kidogo kwa sababu maji hupungua nayo hubaki. Inayoweza kuinasa ni mifupa iliyochomwa kitaalamu, maana madini ya mfupa hushikana na floridi. Nayo pia hujaa, na ni kipimo cha floridi katika maji pekee kitakachokuambia imejaa lini.