Je, wajua? Ubao wa kenchi wenye nguvu sifuri bado una kazi

*Nimechorewa kenchi nikaambiwa mbao mbili zina nguvu sifuri. Hilo hujulikanaje, na mbona wengine hupiga hesabu kiungio kimoja kimoja na wengine huukata mchoro katikati? Hizo mbili nikiziacha si nitaokoa pesa?*

Usiziache, lakini tuanze na hesabu. Tuseme ni nyumba ya mabati pale Likoni. Kenchi ina upana wa mita 8 na kimo cha mita 3, kwa hiyo kila mteremko una urefu wa mita 5. Ncha ya kushoto ni A, katikati ya mteremko wa kushoto ni B, kileleni ni C. Ubao wa chini umelala kutoka ukuta hadi ukuta: chini ya B kuna G, chini ya C kuna F. Mbao za wima ni BG na CF, na ubao wa mshazari ni BF. Upande wa kulia ni vivyo hivyo. Paa linashusha kilonyutoni 4 kwenye B, 4 kwenye C na 4 kwenye kiungio cha kulia kinacholingana na B. Jumla ni 12, kila ukuta unabeba 6. (Uzito unaoangukia moja kwa moja juu ya ukuta tumeuacha, haupiti kwenye kenchi.)

Kabla ya kushika kalamu, tazama G. Hapo panakutana mbao tatu: mbili zimelala kwenye mstari mmoja, ya tatu ni BG, na hakuna mzigo wowote ulioning'inizwa. BG ingevuta au kusukuma, hakuna wa kuipinga, maana zile mbili haziwezi kwenda juu wala chini. Basi BG ni sifuri, na mwenzake wa kulia pia. Hapa ndipo wengi huteleza: wanaiona CF nayo imesimama wima, wanaiandikia sifuri. Sivyo. Pale F zinafika pia mbao mbili za mshazari, nazo zinaisukuma F chini.

Njia ya viungio huanzia pale penye mbao mbili tu usizozijua, kwa sababu kila kiungio kinakupa milinganyo miwili: ya wima na ya mlalo. Hapa ni A. Ukuta unasukuma juu kwa 6. Ni AB pekee iliyoinama, na kwa kila mita 5 inapanda mita 3, hivyo AB × 3/5 = 6, yaani AB inabanwa kwa 10. Ule msukumo wake wa mlalo, 8, unazuiwa na AG, inayovutwa kwa 8. Nenda B: unapata BC inabanwa kwa 6.67 na BF kwa 3.33. Ukifika F unakuta CF inavutwa kwa 4. Njia hii ni nzuri ukitaka mbao zote, ila ukikosea A, kosa linakufuata hadi mwisho.

Ukitaka ubao mmoja tu, kata. Pitisha mstari kwenye BC, BF na GF, ubaki na kipande cha kushoto. Kata mbao tatu tu zisizojulikana, kwani milinganyo ni mitatu. Sasa chukua momenti, yaani nguvu mara umbali wake, kuzunguka B. BC na BF zinapita hapo, mzigo wa 4 nao unapita hapo, wote wanatoka kwenye hesabu. Kinachobaki ni ukuta, ulio mita 2 kando ya B, na GF, iliyo mita 1.5 chini yake:

6 × 2 = GF × 1.5

GF = 8, inavutwa. Ni sawasawa na AG, kama inavyopaswa kuwa kwa kuwa BG ni sifuri. Kwa mstari mmoja umeihakiki kazi yote ya kule A na G.

Sasa turudi kwenye zile mbili. Sifuri ni ya mzigo huu tu. Ukitundika dari au feni pale G, BG inaubeba mzigo huo wote. Halafu kuna kusi. Upepo mkali ukilinyanyua paa la mabati mepesi kuliko uzito wake, nguvu zinageuka na ubao wa chini uliokuwa ukivutwa unaanza kubanwa. Ubao mwembamba ukibanwa hupinda kabla ya kuvunjika, na urefu ndio adui: bila BG, kipande cha A hadi F kina mita 4 bila kushikwa, BG ikiwepo ni mita 2, na uwezo wa kukataa kupinda juu na chini unakuwa mara nne. Kupinda kwa upande, BG haikuzuii. Hapo unahitaji mbao za kufunga kenchi moja na nyingine, zipigiliwe juu ya ubao wa chini.