Maumivu ya kinena kwa kuruta na mkimbiaji: eksirei safi isikudanganye

Nyufa nyingi za uchovu wa mfupa hupona kwa kupunguza mzigo tu. Ufa ukiwa upande wa ndani wa ugoko, au kwenye mifupa mirefu ya unyayo chini ya kidole cha pili na cha tatu, mtu akiacha kukimbia kwa wiki sita hadi nane mara nyingi hurudi kazini salama. Lakini zipo sehemu chache zisizosamehe: mbele ya ugoko katikati, mfupa wa navikula ulio juu ya tao la unyayo, shina la metatarsali ya tano, yaani mfupa mrefu wa unyayo ulio nyuma ya kidole kidogo, na shingo ya fupa la paja. Leo nakaa na hii ya mwisho, kwa sababu kosa la siku chache hapo linaweza kumgharimu kijana nyonga nzima.

Shingo ya fupa la paja ni ule mfupa mfupi uliolala mshazari kati ya kichwa cha nyonga na fupa lenyewe la paja. Uzito wa mwili hauishukii wima. Unaikalia kwenye ncha, kama mtu aliyekaa mwishoni mwa tawi. Tawi likipinda, nyuzi za juu huvutwa na za chini hubanwa. Hivyo ndivyo ilivyo kwa shingo hii: upande wa juu unavutwa, upande wa chini unabanwa. Ufa wa chini hufungwa na uzito uleule unaoubana, ila ufa wa juu hufunguliwa kwa kila hatua. Misuli ya pembeni mwa nyonga husaidia kupunguza mvutano huo wa juu, na ndiyo maana hatari huongezeka mwishoni mwa matembezi marefu yenye mzigo mgongoni, misuli ikiwa imechoka huku miguu bado inatembea.

Tumchukue kuruta wa mfano: msichana wa miaka 19, yuko wiki ya nne ya mafunzo, na kabla ya kujiunga hakuwa akikimbia. Wiki ya nne si bahati mbaya. Mfupa ukizidishiwa mzigo, seli zinazobomoa mfupa uliochoka hutangulia na kumaliza kazi yao kwa takriban wiki tatu, lakini seli zinazojenga huhitaji miezi kujaza pengo hilo. Katikati hapo mfupa ni dhaifu kuliko siku ya kwanza, na ratiba ya mafunzo ndiyo kwanza inapanda.

Analalamika maumivu ya kinena yanayokuja akikimbia. Wiki moja iliyopita yalikuwa yakiisha akipumzika; sasa anachechemea na usiku yanamwamsha. Swali ninaloona linarukwa mara nyingi ni la hedhi. Huyu hajaipata kwa miezi minne. Hilo hunielekeza kwenye chakula: tuseme anakula kilokalori 2,000 kwa siku, mazoezi yanachoma 900, zinabaki 1,100. Mwili wake ukiondoa mafuta una kilo 45, kwa hiyo kila kilo inapata kama 24. Chini ya 30 mwili huanza kubana matumizi, na homoni zinazoulinda mfupa ni kati ya vitu vya kwanza kukatwa. Kwa mwanaume hakuna hedhi ya kututahadharisha, kwa hiyo muulize kuhusu uzito aliopoteza, hamu ya tendo la ndoa na nyufa alizowahi kupata.

Kitandani, dalili ninayoiamini zaidi ni maumivu ya kinena ninapougeuza mguu taratibu kwa ndani, goti na nyonga vikiwa vimekunjwa. Kubonyeza hakusaidii sana kwa sababu mfupa uko ndani mno. Na tafadhali, usimwambie aruke kwa mguu mmoja ili uone kama anaumia. Kipimo hicho watu hukitumia kwa ugoko. Kwa shingo ya paja kinaweza kuusogeza ufa ambao ulikuwa haujasogea. Mpe magongo kabla hajatoka chumbani, hata kama picha ni ya kesho.

Eksirei ipigwe, kwa kuwa ikionyesha mfupa uliosogea hilo ni suala la dharura. Ila ikiwa safi haijakwambia kitu. Katika wiki za mwanzo nyufa nyingi hazionekani kabisa, na wakati mwingine hazionekani mpaka mfupa mpya uanze kujengeka. Kosa la kawaida ni lile la “picha iko sawa, amekaza msuli, mpe dawa ya maumivu”. Dawa inanyamazisha kengele, naye anarudi kwenye gwaride.

Kipimo kinachojibu ni MRI. Iombe ichukue nyonga zote mbili, maana upande wa pili nao unaweza kuwa umeanza kuumia kimyakimya. Kwenye mfuatano wa STIR, yaani picha za MRI zinazozima mng'ao wa mafuta, uboho wenye maji hung'aa mweupe. Hilo peke yake ni onyo la mkazo. Kwenye T1, mfuatano mwingine ambao mafuta ya uboho hung'aa, tafuta mstari mweusi, ambao ndio ufa wenyewe. Kisha maswali mawili: uko juu au chini, na umekula sehemu gani ya upana wa shingo?

Kwa kuruta wetu mstari uko chini, una milimita 8, na shingo ina upana wa milimita 31. Ni kama robo. Ukiwa chini na haujafika nusu, tunatibu bila kisu. Ukipita nusu, daktari wa mifupa anapaswa kufikiria kuufunga kwa skrubu. Ukiwa juu, hata ukiwa mdogo, kwangu mjadala ni mfupi: mgonjwa asikanyage na apelekwe kwa mpasuaji siku hiyohiyo. Mfupa ukisogea, mishipa ya damu inayopanda kando ya shingo kwenda kwenye kichwa cha nyonga huweza kukatika, na kichwa hicho kufa hata baada ya upasuaji mzuri.

Magongo ni kwa wiki sita hivi. Watu wengi huelewa vibaya amri ya “usikanyage”: mgonjwa huninginiza mguu hewani, na misuli inayoushikilia huibana nyonga kwa nguvu kubwa. Ni bora aguse ardhi kwa ncha ya unyayo bila kuuegemea. Kwa sababu hiyohiyo, zoezi la kulala chali na kuinua mguu ulionyooka lisubiri. Maumivu yakizidi ghafla au mguu ukionekana umefupika, asisimame; eksirei ipigwe papo hapo.

Wakati huohuo chakula kinaongezwa mpaka hedhi irudi, na vitamini D inapimwa. Vidonge vya kupanga uzazi havitibu tatizo hili: vinaleta damu kila mwezi na kutupotezea kipimo, huku njaa ikiendelea.

Baada ya wiki sita, kama anatembea hatua chache bila maumivu na MRI ya marudio inaonyesha ufa unafunga, anaachia gongo moja, kisha la pili. Kukimbia mara nyingi huanza karibu na mwezi wa tatu au baadaye: dakika moja ya mbio, dakika nne za kutembea, mara tano, siku moja kufanya na siku moja kupumzika. Kinena kikiuma wakati wa zoezi au asubuhi inayofuata, anarudi hatua moja nyuma na kukaa hapo wiki nzima. Begi la mgongoni ndilo la mwisho kurudi, baada ya mbio na gwaride.