Umeme ukikatika siku ya mwisho ya maombi: afisa anaangalia nini kabla ya kukuongezea muda

Kila dirisha la maombi likifungwa, dawati letu hupokea malalamiko yaleyale: umeme ulikatika, basi lilichelewa, nimenyimwa muda bila sababu. Wengi wanaoandika hivyo wanasema kweli, na hatuna nia ya kumwadhibu mtu kwa giza ambalo hakulileta. Lakini ombi la kuongezewa muda haliamuliwi kwa kuhurumiana. Afisa anauliza jambo moja: saa ulizopoteza ndizo zilizokuzuia kumaliza, au ungechelewa hata umeme ungekuwapo?

Jibu hulitafuta kwanza ndani ya mfumo. Mfumo wa maombi huandika wenyewe saa uliyofungua akaunti, kila mara ulipoingia, na mara ya mwisho ulipohifadhi rasimu. Saa inayohesabika ni ya seva, si ya simu yako.

Tuchukue mfano. Mwisho ni Ijumaa saa 5:59 usiku. Mwombaji amehifadhi rasimu Ijumaa saa 8:40 mchana; sehemu nne kati ya tano zimejaa, bado kupakia vyeti. Saa 9:00 alasiri umeme unakatika. Saa 10:15 jioni anatuma baruapepe kwa simu: namba ya ombi, saa umeme ulipokatika, eneo alipo, kazi iliyobaki, na ujumbe wa shirika la umeme kuhusu hitilafu. Umeme unarudi Jumamosi saa 2:00 asubuhi, naye anaomba hadi saa 8:00 mchana siku hiyo. Afisa akilinganisha maelezo hayo na kumbukumbu za mfumo, yote yanakubaliana. Amepoteza takriban saa tisa za dirisha, anaomba saa sita baada ya umeme kurudi, na kilichobaki ni kazi inayohitaji kompyuta na skana. Ombi la namna hii hukubaliwa bila mjadala mrefu.

Sasa mwombaji wa pili, mtaa uleule, giza lilelile. Akaunti yake imefunguliwa Ijumaa hiyohiyo saa 8:50 mchana, fomu ni tupu, anaandika Jumatatu na kuomba wiki nzima. Umeme wake ulikatika kweli, ila dirisha lilikuwa wazi kwa majuma kadhaa. Huyu hukataliwa, na ndiye anayelalamika kwa sauti zaidi.

Kama uliingia kwenye mfumo wakati umeme haupo, kwa simu au kwa betri ya kompyuta, sema hivyo mapema kwenye maelezo yako. Usiposema, afisa ataona umeingia saa 11:00 jioni huku unadai kulikuwa giza tangu saa 9:00, na atatilia shaka hata yale yaliyo ya kweli.

Kwa safari, tiketi pekee haitoshi, kwa kuwa inaonyesha tu kwamba ulipanga kusafiri. Omba kwa msafirishaji maandishi yenye saa ya kufika iliyopangwa na saa mliyofika. Fahamu pia kwamba kuchelewa njiani kuna uzito pale unapotakiwa kufika mwenyewe, kwa mfano kuleta hati halisi au kuchukuliwa alama za vidole. Kwa fomu ya mtandaoni utaulizwa kwa nini hukuijaza kabla ya kuondoka. Na ikiwa basi lingekufikisha kwa wakati wa kawaida nusu saa kabla ya ofisi kufungwa, hapo ulikuwa umejibana mwenyewe.

Tunakumbusha tena, kwa mara nyingine: kutuma ombi la muda si kuongezewa muda. Kulipa ada si kuwasilisha fomu. Mpaka upate jibu la maandishi, tarehe ya zamani ndiyo inayosimama. Kwa hiyo umeme ukirudi kabla ya jibu, maliza na uwasilishe kama mfumo bado unapokea, kisha utunze stakabadhi.

Zipo tarehe ambazo afisa hana mamlaka ya kuzigusa. Zabuni za umma ni mojawapo: inayofika baada ya saa ya mwisho hurudishwa bila kufunguliwa. Muda wa kukata rufaa uliowekwa na sheria nao husogezwa na chombo kilichotajwa na sheria hiyo tu, si na dawati la mapokezi. Soma tangazo uone nani anaamua, umwandikie huyo.

Kielelezo cha kughushi, hata picha ya ujumbe iliyobadilishwa saa tu, humwondoa mwombaji mzima mzima, si ombi lake la muda peke yake. Ikiwa huna ujumbe wa shirika la umeme, usitengeneze. Eleza umeme ulikatika saa ngapi na wapi, kwa sababu afisa anaweza kuuliza shirika lenyewe. Hitilafu ya eneo zima huthibitishika kwa urahisi. Iliyo ya nyumba yako peke yako, kama fyuzi au mita, itahitaji maandishi ya fundi aliyeitengeneza, yenye tarehe.