Kombe si cheti cha adabu: dhana potofu katika barua za makocha wanaoomba kazi shuleni

Kila mwezi wa Agosti, masomo yakikaribia kuanza, madirekta wa nidhamu wa shule nyingi za Lubumbashi hupokea barua za makocha na viongozi wa vijana wanaoomba kazi. Mimi ni mmoja wa wanaozisoma, na ukiondoa jina la mwombaji na la mtaa wake, nyingi ni barua moja: «Vijana wangu wote wana nidhamu, na ushahidi ni kombe tulilotwaa.» Sentensi hiyo imenichosha.

Dhana: Timu iliyoshinda, na ambayo wachezaji wake wote wana adabu, inathibitisha kwamba kocha anajua kulea.

Naelewa inakotoka. Tunaishi katika mji ambao TP Mazembe imeuletea ubingwa wa Afrika mara 5, mwaka 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, na hapa kocha hupimwa kwa kikombe tangu uwanja wa vumbi wa mtaani. Lakini klabu na shule hazifanani katika jambo moja kubwa. Klabu humwacha mtoto msumbufu leo jioni na kesho ikachukua mwingine, wakati shule hukaa naye mwaka mzima, pamoja na wazazi wake, walimu wake na wenzake wanaomwiga. Kwa hiyo prefe, yaani mkuu wa shule, anaposoma kwamba wote wana adabu, swali lake la kwanza ni hili: walianza wangapi, na wale wasio na adabu walikwenda wapi?

Nitoe mfano wa kocha mmoja wa Katuba, ambaye barua yake ilijivunia vijana 17 «wasiochelewa mazoezini». Alikuwa na daftari zuri la mahudhurio, jambo ambalo wengi hawana, nasi tulilipitia pamoja. Mwezi wa Oktoba kundi lilikuwa na vijana 26, na kwa wastani 9 kati yao walichelewa kila zoezi. Mwezi wa Mei walibaki 17, na waliochelewa walikuwa 3. Ukisoma haraka utasema amepunguza uchelewaji kutoka 9 hadi 3, na ndivyo alivyotaka kuandika. Nilimwomba atafute majina ya hao 17 peke yao katika kurasa za Oktoba. Tukakuta kwamba hata wakati huo, kati yao walichelewa 4 tu. Wachelewaji wengine 5 walikuwa miongoni mwa wale 9 walioondoka. Yaani sehemu kubwa ya mafanikio yake ilikuwa kuondoka kwa wachelewaji, na wengi wa waliobaki walikuwa wanawahi tangu mwanzo.

Hilo halimaanishi kwamba hakufanya kazi. Matokeo yake ya kweli yalikuwa mahali pengine, katika ukurasa ambao yeye mwenyewe aliuona hauna maana. Miongoni mwa wale 17, vijana 6 walikuwa wameleta buletini ya kwanza yenye alama mbaya katika mstari wa mwenendo. Alikwenda nyumbani kwa kila mmoja, akazungumza na mwalimu wa darasa, kisha akaweka utaratibu mmoja ambao hakuubadilisha: anayekosa zoezi bila kutoa taarifa hachezi mechi inayofuata, lakini anakuja uwanjani na kuandika matokeo kando ya mstari. Mwisho wa mwaka, alama ya mwenendo ya 4 ilikuwa imepanda, mmoja alibaki palepale, na wa sita alikuwa ameacha shule kwa kukosa pesa za masomo.

Nilimshauri afute aya nzima ya kombe na aandike hivi, kwa Kifaransa kama barua nyingine zote za kazi, lakini kwa maana hii: «Katika kundi la vijana 26 wa umri wa miaka 12 hadi 15, niliwafuatilia kwa karibu 6 waliokuwa na alama mbaya ya mwenendo. Niliwatembelea wazazi, nikakubaliana na walimu wa darasa, na aliyekosa zoezi bila taarifa alihudhuria mechi iliyofuata kama mwandishi wa matokeo. Mwishoni mwa mwaka alama ya 4 ilipanda, mmoja hakubadilika, mwingine aliacha shule kwa kukosa ada. Vijana 9 waliondoka kundini mwaka huo. 4 kati yao niliwaondoa mwenyewe kwa sababu ya ugomvi.»

Sentensi ya mwisho ndiyo aliyoipinga sana, kwa hofu kwamba itamnyima kazi. Mimi naona ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu prefe hujua kwamba katika kundi lolote la vijana wapo wanaoshindikana, na barua isiyowataja humfanya atilie shaka hata yale ya kweli. Hata hivyo, asiandike kwamba yeye ndiye aliyewabadilisha wale 4 ambao alama yao ilipanda. Mwalimu alikuwepo, mama alikuwepo, na umri nao ulisogea. Aeleze alichofanya na kilichoonekana baadaye, kisha amwachie msomaji hukumu. Na wanne walioondolewa wasitajwe bila sababu: neno moja tu, «ugomvi», linatosha, na maelezo mengine yanasubiri usaili.

Dhana: Kocha mkali ndiye shule inayemtafuta.

Wengi huandika «mimi ni mkali» kama sifa, na wachache huongeza kwamba wanawapigisha magoti vijana wakorofi au kuwachapa. Kwa msomaji wa leo hilo ni onyo. Sheria ya Kongo Na. 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inamhesabu kuwa mtoto kila mtu aliye chini ya miaka 18, na shule inayomwajiri mtu aliyejitangaza kwa maandishi kwamba anapiga watoto itakuwa na kazi kubwa ya kujieleza mbele ya mzazi. Andika kanuni uliyoweka, na ulichofanya ilipovunjwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ukali utaonekana humo bila kuutaja.

Dhana: Barua ya pasta au ya mkubwa wa kartye inatosha kuwa ushahidi.

Inathibitisha kwamba hujulikani kwa ubaya. Aliyeona mabadiliko ya mtoto ni mwalimu wa darasa, na mistari yake 3 yenye tarehe na sahihi ina uzito kuliko ukurasa mzima wa sifa za Jumapili.

Dhana: Shahada ya ukocha ya CAF inajibu swali la malezi.

Daraja D linaonyesha kwamba umejifunza misingi ya kufundisha mpira. Litaje kwa mstari mmoja katika wasifu wako, na barua iachie vijana.

Dhana: Majina ya vijana huipa barua ukweli zaidi.

Yanawaumiza. Barua hupita mikononi mwa katibu, kamati na mara nyingine mzazi ambaye ni jirani wa mtoto huyo, na habari kwamba fulani alikuwa mkorofi hufika Katuba kabla ya jibu la prefe kukufikia wewe. Ukiambatanisha nakala ya daftari la mahudhurio, ziba majina kwa karatasi kabla ya kupiga fotokopi na uache namba tu. Daftari lenyewe njoo nalo siku ya usaili.