Kwa nini blashi ya pinki hupauka kwenye ngozi nyeusi?

"Mimi ni mweusi. Blashi ya pinki inayompendeza rafiki yangu, kwangu inatoka kama majivu, na hailaita yake, ile ya kung'arisha mashavu, inaniachia baka la kijivu. Tatizo ni ngozi yangu au ni rangi?"

Ni rangi, na hasa ni unga mweupe uliomo ndani yake. Ili kupata pinki hafifu, watengenezaji huchukua rangi nyekundu wakaizimua kwa unga mweupe, mara nyingi titani dioksidi, uleule unaofanya rangi ya ukutani iwe nyeupe. Kwenye pakiti huandikwa CI 77891. Pulizia unga wa ngano juu ya shuka jeupe, hutauona. Upulizie juu ya kaniki, utaona ukungu wa kijivu. Kaniki haijaharibika, ni weupe uleule umepata mahali pa kuonekana. Shavu jeupe linaufunika unga ule, shavu jeusi linauanika, na wekundu kidogo uliobaki hauna nguvu ya kuushinda.

Hili nililikosea kwa miaka. Napamba maharusi, na kila aliyekaa kitini akiwa mweusi nilimpaka pinki ya upole, nikiamini kwamba rangi iliyokoza itapiga kelele usoni. Ni kinyume kabisa. Blashi ni tabaka jembamba linalopitisha mwanga, kwa hiyo jicho huona rangi yake pamoja na ngozi iliyo chini. Ngozi yenye melanini nyingi, ile rangi ya asili inayoifanya iwe nyeusi, hunywa sehemu kubwa ya mwanga huo. Ile nyekundu ya damu ya mzee inayotisha ndani ya kopo, ikishafika kwenye shavu jeusi na kusambazwa, hubaki kama joto la mtu aliyetoka kucheka. Pinki ya upole ndiyo inayopiga kelele, maana inakaa juu ya uso kama vumbi.

Kuna kipimo rahisi cha kujua kama mpauko unatokana na weupe huo au ni ukavu tu. Paka blashi kidogo ndani ya mkono, isambaze, kisha weka tone moja la mafuta ya nazi juu yake na usugue taratibu. Talki, ambayo ndiyo unga wa msingi wa blashi nyingi, hupotea ikilowa mafuta, kama chaki inavyokoza ikimwagiwa maji, kwa sababu mafuta hujaza nafasi za hewa zilizokuwa zikitawanya mwanga. Titani dioksidi hupinda mwanga kwa nguvu kuliko mafuta, kwa hiyo hata ikilowa bado inaonekana. Ukungu ukiisha, rangi hiyo huenda ikakufaa juu ya ngozi iliyolainishwa vizuri, au uitafute ya krimu. Ukungu ukibaki, achana nayo. Kusoma pakiti peke yake hakutoshi: CI 77891 huwekwa hata kwenye rangi nzuri, na rangi zinaruhusiwa kuorodheshwa mwishoni bila kufuata wingi wake.

Hapo tumemaliza suala la kina cha rangi, yaani ngozi ni nyeusi au nyeupe kiasi gani. Sasa kuna la pili ambalo watu hulichanganya na hilo: rangi ya chini ya ngozi, ile wapambaji wanayoiita andatoni. Weusi na weupe hutokana na wingi wa melanini. Rangi ya chini ni upande ambao ngozi inaegemea, njano au wekundu, au katikati, na hutokana na aina za melanini zilivyochanganyika, damu iliyo karibu na juu, na hata karotini inayotoka kwenye chakula. Si kweli kwamba kila mweusi ana ngozi ya njano na kila mweupe ana ya pinki. Wapo weusi wenye wekundu wa zambarau mbivu, na weupe wa njano kama ganda la ndizi.

Niliwahi kupamba dada wawili siku ya sendofu, wote maji ya kunde, kina cha faundesheni kilekile. Niliwapaka blashi moja, ya rangi ya machungwa yenye pinki. Mkubwa alichangamka papo hapo. Mdogo alionekana amebandikwa viraka viwili, kwa sababu ngozi yake inaegemea wekundu na ile chungwa ilisimama peke yake. Nilifuta nikampaka yenye rangi ya juisi ya rozela, kidogo sana, na viraka vikaisha.

Kujua upande wako, usitegemee sana mishipa ya mkononi. Rangi ya mshipa inategemea pia ulivyo chini na melanini iliyo juu yake, na kwa weusi wengi haionekani hata kidogo. Omba faundesheni mbili za kina kimoja, moja ya njano na moja ya wekundu, chora mstari wa kila moja kwenye taya, kisha toka mlangoni kwenye mwanga wa mchana, si jua kali. Mstari unaopotea ndio wako. Taa za dukani hudanganya: balbu ya njano huficha njano, na taa nyeupe huongeza ubaridi.

Ukishajua kina chako na upande wako, kuchagua blashi ni kuongeza ukozo kadiri ngozi inavyokoza, bila kuhama upande. Mweupe wa njano hupendeza kwa pichi laini, wa wekundu kwa waridi hafifu; kwao ule unga mweupe hauna madhara. Maji ya kunde wa njano atumie chungwa lenye pinki, wa wekundu atumie waridi iliyokoza au rozela. Mweusi wa njano aende kwenye tofali na chungwa la kutu, na wa wekundu kwenye damu ya mzee, zambarau au pinki kali isiyozimuliwa. Aliye katikati ana bahati, pande zote mbili humkubali, mradi asivuke kina chake. Na upake juu ya faundesheni utakayovaa, kisha usubiri kama dakika 10, kwani mafuta ya ngozi hupenya unga na kuukoza.

Hailaita ina fumbo lake. Hung'aa kwa vipande vyembamba vya madini ya maika vilivyopakwa utando, na unene wa utando huo ndio unaoamua rangi, kama mafuta juu ya dimbwi la barabarani yanavyotoa rangi nyingi. Utando mwembamba wa titani dioksidi hutoa rangi ya fedha. Vipande vikipakwa oksidi ya chuma hutoa shaba na dhahabu nyekundu. Fedha na lulu zinawafaa weupe wa wekundu, na shampeni weupe wa njano. Kwa maji ya kunde, dhahabu kwa wa njano na dhahabu ya waridi kwa wa wekundu. Kwa mweusi, shaba au dhahabu nzito kwa wa njano, na shaba ya waridi kwa wa wekundu.

Ukishaipaka, shika kioo dirishani na ugeuze uso polepole. Ukiwa umeelekea mwanga, mfupa wa shavu ung'ae. Ukigeuka ukaupa mwanga mgongo, mng'aro unatakiwa uzimike na ngozi yako irudi ilivyokuwa. Likibaki baka jeupe hata upande wa kivuli, hiyo hailaita ni nyepesi kuliko wewe.