Mswada wa kipindi cha kila wiki: kipi ufunge, kipi uache wazi

Naandika miswada ya video za masomo kwa chaneli za hapa Dar es Salaam zinazotoka kila wiki, na wanaoanza kazi hii huniomba kitu kimoja: kiolezo. Kukitoa hakuna shida. Shida inakuja pale mtu anapokitumia kufunga maneno, yaani salamu ileile, sentensi ileile ya kuingilia mada, maneno yaleyale ya kuaga. Wiki zikipita, vipindi vyote vinasikika kama kimoja na mtazamaji anaanza kuruka mbele. Kiolezo ninachokiamini mimi hufunga kazi ya kila sehemu na muda wake. Maneno hukiachia kila kipindi kiyatafute upya.

Chaneli ninayoiandikia zaidi ni ya sayansi na jiografia kwa wanafunzi wa sekondari, na kipindi chake ni cha dakika sita. Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walichapisha uchambuzi wa jinsi watu wanavyotazama video za kozi za mtandaoni za edX, na waliona kwamba hata video ikiwa ndefu, muda wa kati wa kutazama haukuzidi dakika sita. Ukikumbuka kwamba mtazamaji wetu anatazama kwa bando alilojinunulia, dakika sita zinatosha. Ndani yake kuna sehemu tano, na kila wiki zinaanza kwenye sekunde zilezile:

```
0:00 Swali
0:20 Jibu la mtaani
1:20 Tuangalie
3:20 Maelezo
5:30 Zamu yako
```

Orodha hiyo inabandikwa kama ilivyo kwenye maelezo ya video, na YouTube huigeuza kuwa sura ambazo mtazamaji anaweza kuzigusa. Sharti lao ni kwamba alama ya kwanza iwe 0:00, sura ziwe tatu au zaidi, na kila moja isipungue sekunde 10.

Muda huo lazima ugeuzwe kuwa maneno kabla hujaandika. Mimi nikisoma kwa mwendo wa kufundisha natamka maneno 110 hivi kwa dakika. Miongozo mingi ya Kiingereza inataja 150, na ukiifuata kwa Kiswahili utaandika maneno 900 kwa dakika sita, kisha ushangae kuona kipindi kimefika dakika nane. Maneno yetu ni marefu, maana kitenzi kimoja hubeba mtenda, wakati na mtendwa. Soma maandishi yako kwa sauti dakika tatu, hesabu maneno, gawa kwa tatu, na hiyo ndiyo namba yako. Kwangu mimi sehemu ya Swali ni maneno 36, Jibu la mtaani 110, Tuangalie 220, Maelezo 240, na Zamu yako 55. Sehemu ikizidi, napunguza ndani ya sehemu hiyohiyo. Sichukui muda wa jirani yake.

Nichukue kipindi cha maji kujaa na kupwa, kwa sababu kila mtu wa mji huu ameyaona. Mwanzo wake ulikuwa hivi: "Leo saa nne asubuhi hapa Kigamboni unaweza kutembea mchangani mbali kabisa na ufukwe. Saa kumi jioni, palepale uliposimama, maji yatakupita kichwa. Na alfajiri yatajaa tena. Kwa nini mara mbili kwa siku? Habari yako, karibu darasani." Ni maneno 35.

Angalia salamu ilipokaa. Kwetu Pwani kuanza kuongea bila salamu ni utovu wa adabu, na ndiyo maana watangazaji wengi hutumia nusu dakika kusalimia, kujitambulisha na kuomba watu wasabskraibu. Lakini YouTube Studio inakuonyesha asilimia ya watu waliobaki kufikia sekunde ya 30, na aliyekuja na swali lake hasubiri muda wote huo. Kuiondoa salamu kabisa nako kunaacha kipindi kikavu. Nikaiweka baada ya swali, kwa maneno manne tu. Mtu anakuwa ameshajua amekuja kutafuta nini, na bado amekaribishwa.

Sehemu ya pili ndiyo moyo wa kiolezo, na ndiyo ambayo watu huiondoa kwanza wakitaka kufupisha. Kazi yake ni kulitaja kwa heshima jibu ambalo mtazamaji tayari analo kichwani, kisha kuonyesha linapokwama. Derek Muller aliichunguza njia hii kwenye utafiti wake wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Sydney, uliokamilika 2008. Wanafunzi walioonyeshwa maelezo safi ya fizikia waliyasifu kuwa yanaeleweka, lakini majaribio ya baadaye yalionyesha wamejifunza kidogo sana. Walioonyeshwa kwanza mawazo potofu yakijadiliwa waliona video inawachosha akili zaidi, na ndio waliojifunza zaidi. Sababu ni kwamba anayesikia maelezo laini huyapokea kama uthibitisho wa kile alichokiamini tangu mwanzo.

Jibu la mtaani halitungwi mezani. Unalifuata. Kwa kipindi hiki nilikwenda soko la samaki la Feri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Nisaidie, maji yanajaa kwa sababu gani?"

"Mwezi. Mwezi ndio unayaita maji."

"Sasa mzee wangu, mwezi ukiwa upande wetu unayavuta, nimeelewa. Mbona yanajaa tena ukiwa upande wa pili wa dunia?"

Kijana aliyekuwa akiparua samaki pembeni akadakia kwamba basi labda jua linavuta kwa zamu yake. Mzee akatikisa kichwa: kujaa kunafuata mwezi, akasema, ndiyo maana saa zake zinasogea kila siku.

Hapo nilipata sehemu nzima. "Mwezi unayavuta maji" ni kweli nusu, na nusu hiyo ingetupa kujaa kumoja kwa siku. Wazo la kijana lina mantiki, na mzee amelijibu kwa kile anachokiona. Mswada ukayabeba yote matatu, kwa sababu mtazamaji atajikuta yuko na mmoja wao. Kanuni yangu hapa ni kwamba sehemu hii imalizike kwa utata ambao haujatatuliwa. Ukiponyoka na jibu kwenye sekunde ya 60, Tuangalie haina kazi tena.

Mswada wenyewe nauandika kwa safu mbili, sauti kushoto na picha kulia, mstari kwa mstari. Kama safu ya picha ina mistari mitatu mfululizo ya "mtangazaji anaongea", najua Tuangalie imegeuka kuwa hotuba. Kwa kipindi hiki safu ya kulia iliamua hata siku ya kurekodi. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mchanga au mpevu, maji ya pwani yetu hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, na tofauti ya kimo hupita mita 3. Kwa hiyo picha zote mbili zilipatikana siku moja, kamera ikiwa imesimamishwa palepale, mti mmoja ukionekana kwenye zote. Baadaye mtangazaji aliandika kwa mkono saa za kujaa kwa siku kadhaa, na mtazamaji akaona zinavyosogea kama dakika 50 kila siku. Mwezi nao huchukua saa 24 na dakika 50 hivi kurudi mahali palepale angani. Wazo la kijana likaanguka lenyewe: kama jua lingekuwa na zamu yake, saa zisingesogea.

Maelezo yakaja baada ya hapo, na yalihitaji wazo moja tu. Mvuto wa mwezi hupungua kadiri umbali unavyoongezeka, kwa hiyo maji ya upande wa karibu yanavutwa kuliko kitovu cha dunia, na kitovu kinavutwa kuliko maji ya upande wa mbali. Tofauti hizo zinanyanyua maji pande zote mbili, na dunia inapojizungusha, Dar es Salaam inapita kwenye minyanyuko yote miwili. Jua nalo lina nguvu hiyohiyo, karibu nusu ya ile ya mwezi, na zikielekea mstari mmoja ndipo tunapata bamvua. Umbo la pwani na kina cha bahari hubadilisha saa na kimo. Hilo lilipewa sentensi moja, kwa sababu likifunguliwa ni kipindi kingine.

Zamu yako haianzi na "kwa hiyo leo tumejifunza". Maneno hayo ni kama kengele ya kutoka darasani, na ukitazama grafu ya watazamaji waliobaki utaona mstari unavyoporomoka papo hapo. Inaanza na swali linalomlazimu mtu kutumia alichokipata: "Kama maji yamejaa leo saa kumi jioni, kesho jioni yatajaa saa ngapi?" Kisha kimya cha sekunde tano, jibu, na ombi la kusabskraibu. Skrini ya mwisho ya YouTube hukaa kati ya sekunde 5 na 20 za mwishoni, kwa hiyo upande wa kulia wa picha huachwa mtupu muda huo.

Faida kubwa ya sekunde zisizobadilika inaonekana baada ya vipindi kadhaa. Weka grafu za watazamaji waliobaki moja juu ya nyingine. Kipindi kimoja kikiporomoka kwenye 1:20 na vingine havijaporomoka, kosa ni la kipindi hicho, pengine utata uliishia katikati. Vyote vikiporomoka hapohapo, kosa ni la kiolezo, na mara nyingi ni sentensi ya kuvukia au picha ya kichwa cha sehemu inayokaa muda mrefu. Sehemu zikianza popote kila wiki, huwezi kutofautisha haya mawili. Na ukirekebisha, badilisha sehemu moja tu na uiache kwa vipindi vinne au vitano, la sivyo hutajua kilichosaidia ni kipi.

Kiolezo hiki kina mpaka. Mada za hatua kwa hatua, kama kutafuta majawabu ya mlinganyo wa kipeo cha pili, mara nyingi hazina imani potofu ya kupambana nayo. Zina mahali ambapo mkono hukosea, kwa mfano alama ya kutoa inayosahaulika. Kwa hizo natumia kiolezo cha pili, ambacho badala ya Jibu la mtaani kina hesabu iliyokosewa, na mtazamaji anapewa sekunde kumi aitafute hatua mbovu. Violezo hivyo viwili naviweka kwenye orodha mbili tofauti za chaneli.