Pete 17 zimebaki siku ya tano: je, utumbo umekufa?

Nina shida ya kukosa choo mwaka wa sita huu. Laktulosi nimekunywa, bisakodili nimekunywa, sanamaki nimechemsha. Bingwa akanimezesha kapsuli, na siku ya tano picha ikaonyesha pete 17 zimebaki kati ya 24. Ndugu wanasema utumbo umekufa, ukatwe. Ni kweli? (Mama wa miaka 36, Ujiji, Kigoma)

Hapana, dada. Kwa picha hiyo peke yake hakuna anayepaswa kukugusa kwa kisu.

Kapsuli uliyomeza ilibeba vipete vidogo 24 vinavyoonekana kwenye eksirei. Ganda linayeyuka, pete zinasafiri pamoja na chakula, na baada ya saa 120 unapigwa picha ya tumbo. Ukimeza Jumapili saa 2 asubuhi, picha ni Ijumaa saa 2 asubuhi. Zikibaki 5 au pungufu, mwendo wa utumbo ni wa kawaida. Zikizidi 5, mwendo ni wa polepole, na wewe umebaki na 17. Hapo ndugu zako hawakukosea.

Walichokosa ni kuuliza pete ziko wapi. Ripoti uliyotutumia inasema 3 ziko upande wa kulia wa utumbo mpana, 2 upande wa kushoto, na 12 zimerundikana chini kabisa, kwenye nyonga. Utumbo uliochoka wenyewe mara nyingi huacha pete zimetawanyika kote. Rundo la chini linatufanya tushuku mlango wa haja kubwa. Na mlango usipofunguka, foleni inarudi nyuma hadi utumbo wote unapungua mwendo, kwa hiyo hata pete zilizotawanyika hazitoshi kuuondolea mlango lawama. Ndiyo maana mlango hupimwa kabla ya kuuhukumu utumbo.

Jambo moja la kujiuliza kwanza: katika siku zile tano ulitumia dawa yoyote ya kusukuma choo? Sanamaki nayo ni dawa. Anayekunywa kikombe siku ya tatu anasukuma pete nje, na picha inadanganya kwamba yuko salama. Kwako pete zilibaki nyingi, hivyo hilo halikukuharibia, ila ukirudia kipimo likumbuke. Na kama kuna uwezekano wa mimba, usimeze kapsuli wala kupigwa picha kabla ya kupima mimba.

Kwenye manometria, kipimo cha shinikizo la mlango, waliniingiza mpira njia ya haja kubwa, nikalala kwa ubavu, wakasema nisukume. Ripoti inasema shinikizo la ndani lilipanda hadi 55, la mlangoni likapanda kutoka 70 hadi 95. Nilikuwa naona haya sana. Aibu inaweza kuharibu kipimo?

Inaweza, na umefanya vizuri kuuliza.

Mpira ule ni mwembamba, una vihisio vya shinikizo, na namba husomwa kwa milimita za zebaki. Mtu anaposukuma vizuri, mambo mawili hutokea kwa pamoja: shinikizo la puru, yaani chumba cha mwisho cha utumbo, linapanda, na la misuli ya mlango linashuka. Kwako chumba kimesukuma vya kutosha, 55 ni nguvu ya kweli, lakini mlango ulipaswa kushuka chini ya 70 na badala yake ukapanda hadi 95. Unasukuma huku umebana. Hujafanya makusudi. Misuli imejifunza mpangilio mbaya, na laktulosi haiwezi kuufundisha upya, ndiyo maana dawa zimekushinda miaka yote hiyo.

Lakini hata watu wazima wasio na shida yoyote wengi wao hubana wakilazwa kwa ubavu mbele ya mgeni na kuambiwa "sukuma". Kwa hiyo manometria peke yake haitoshi, inahitaji shahidi wa pili. Shahidi rahisi ni puto: linaingizwa puru likiwa tupu, linajazwa maji ya vuguvugu mililita 50, unaachwa peke yako umeketi chooni, mlango wa chumba umefungwa, na saa inahesabu. Kwa kawaida linatoka ndani ya dakika moja, vituo vingine huruhusu hadi mbili au tatu. Lako halikutoka hata baada ya tatu, na hapo hapakuwa na mtu wa kumwonea haya. Vipimo viwili vimesema neno moja, basi tunaamini.

Kuna kitu kingine manometria ilichunguza: puru ikijazwa hewa ghafla, msuli wa ndani wa mlango hulegea wenyewe. Kwako umelegea. Usingelegea, tungefikiria ugonjwa wa kuzaliwa wa kukosa neva mwishoni mwa utumbo, na ungehitaji kukatwa kinyama cha kupima.

Picha ya bariamu imeonyesha kifuko cha sentimita 2 mbele ya puru. Si ndicho kinachozuia?

Picha hiyo, defekografia, ni video ya eksirei. Puru inajazwa uji mzito wa bariamu, unaketi kwenye kiti maalumu na kuutoa huku mashine inarekodi. Kifuko kidogo cha kuelekea ukeni kinaonekana hata kwa wanawake wasio na tatizo, hasa waliozaa. Swali ni kama bariamu inabaki ndani yake baada ya kumaliza, na kama unalazimika kusukuma kwa kidole ukeni ili choo kitoke. Chako kimemwagika chote, na wewe hujawahi kutumia kidole. Kiache. Anayeshonwa kifuko huku mlango bado unabana anabaki na kidonda na shida ile ile.

Sisi tuko Urambo, Tabora. Kabla ya kutafuta nauli ya kwenda kwa bingwa, mama yangu mzazi anaweza kuanzia wapi?

Kaka, anzia na kidole cha daktari. Mgonjwa analala kwa ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa. Daktari anaingiza kidole chenye glavu na mafuta, mkono wa pili anauweka tumboni kwa mgonjwa, kisha anasema, "Sukuma kama uko chooni." Tumbo linapaswa kukaza, kidole kiachiwe, na msamba ushuke kidogo. Kidole kikibanwa kama kwenye ngumi, hiyo ni sababu nzuri ya kwenda kupimwa mlango. Kidole hicho hicho kinagundua uvimbe na choo kilichokwama.

Mletee daktari dawa zote anazotumia: vidonge vya kuongeza damu, tramado, amitriptilini na baadhi ya dawa za presha hufunga choo. Na kama ana damu kwenye choo, anakonda, ana upungufu wa damu, au choo kimebadilika hivi karibuni katika umri mkubwa, anahitaji kamera ya utumbo mpana kwanza, si manometria.

Sasa mimi wa Ujiji nitatibiwaje?

Kwa mafunzo ya misuli. Mpira wa vihisio unawekwa tena, ila safari hii unatazama skrini. Unavuta pumzi kushusha tumbo, unasukuma taratibu, na unaona mstari wa mlango ukipanda au ukishuka, hadi uweze kuushusha kwa kutaka. Kisha unajizoeza kutoa puto. Kwa kawaida ni vipindi 4 hadi 6, vilivyopishana wiki moja au mbili, kwa hiyo panga malazi karibu na kituo kuliko kwenda na kurudi Kigoma kila mara. Zaidi ya nusu ya wenye tatizo lako hupata nafuu ya kweli.

Ukimaliza, puto linarudiwa. Likitoka lakini choo bado ni cha shida, unameza kapsuli ya pili. Pete zikibaki nyingi hata mlango ukiwa wazi, hapo ndipo tunasema utumbo wenyewe ni mzito, na dawa za kuuchochea kama prukaloprida hujaribiwa kabla ya mtu yeyote kutaja upasuaji.